Bajeti ya Mbalamwezi

Kuna watu wanaoamini kwamba bajeti ni hesabu. Hao hawajawahi kuandika bajeti. Bajeti ni ugomvi ulioandikwa kwa nambari, na mimi, Hasna binti Nuhu wa Ujiji, nimekuwa nikilipwa kwa ugomvi huo tangu nilipoajiriwa kuwa mhasibu wa taasisi yetu ndogo ya utafiti hapa Mwanga, jirani na Ujiji kwetu.

Ofisi yetu ilikuwa ghorofani, juu ya mafundi cherehani. Ukinyamaza kidogo unawasikia wakishona na kusengenya, na ukiwa na hasira, kama mimi nilivyokuwa Jumanne ile, nao wanakusikia wewe. Ulikuwa mwaka wa pili tangu wakimbizi wa Burundi washuke kwa maelfu ufukweni Kagunga. Mji ulikuwa umejaa magari meupe, vyumba vya kupanga vilikuwa vimepanda bei, na kila mwenye shahada alikuwa na andiko la utafiti mkononi.

Andiko letu lilihusu dagaa. Kambi zilikuwa zimefungua tumbo jipya la kulishwa, na wanawake wa vijiji vya ziwani walikuwa wanaanika dagaa kwa haraka kuliko zamani, juu ya mchanga, hata mvua ikiwa inanukia. Tulitaka kujua ni kiasi gani kinaharibika kabla hakijafika sokoni, na kaya ngapi zinaumia. Swali zuri, na la kweli. Mfadhili, shirika moja la Ulaya, alilipenda pia. Alichokataa ni bei.

"Milioni sitini," Daktari Leonardi alisoma barua pepe kwa sauti. "Ndiyo kikomo. Sisi tumeandika sitini na nane na robo tatu. Wanataka bajeti mpya Ijumaa saa sita mchana, la sivyo fedha zinakwenda kwa waombaji wengine."

Leonardi ndiye aliyekuwa mtafiti mkuu. Mtoto wa Kalinzi, wa mashamba ya kahawa, mtu mpole na msomi wa kweli, ila maji anayaogopa. Katika bajeti ya kwanza aliandika majaketi ya kujiokolea kumi na matatu kwa watu kumi na wawili, na nilipomuuliza la kumi na tatu ni la nani, akasema yeye atavaa mawili. Sisi watu wa Ujiji tunawatania sana watu wa milimani, na yeye alinipa mtaji wa mwaka mzima.

Siku hiyo lakini sikutania. Alikuwa ameshika kalamu nyekundu, na kalamu ilikuwa inashuka moja kwa moja hadi chini ya ukurasa, kwenye usambazaji wa matokeo.

"Hapa," akasema. "Kurudisha matokeo vijijini, milioni mbili na laki nne. Tunaondoa. Warsha ya hotelini ibaki, maana mfadhili anaitaka na wakuu wa idara lazima waje. Vijijini tutapeleka nakala ya ripoti kwa ofisi ya kata."

"Ripoti ya Kiingereza," nikasema.

"Na muhtasari wa Kiswahili."

"Daktari, mstari huo haukatwi."

Aliniangalia kama mtu aliyeambiwa na kiti chake kwamba leo hakikaliwi. Bonaventura, mtakwimu wetu, kijana wa Dar anayevaa shati la mikono mirefu hata jua likiwa la kuchoma vigae, aliinua macho kutoka kwenye kompyuta yake. Armelle naye aliacha kupanga madodoso. Yeye ndiye angewasimamia wadadisi, yaani wale wanaopita nyumba kwa nyumba na maswali. Wazazi wake walivuka kutoka Burundi mwaka wa sabini na mbili, yeye akazaliwa huku, na Kiswahili, Kiha na Kirundi vyote ni vyake.

Ikabidi niseme kwa nini. Miaka mitatu nyuma mradi mmoja, ambao sasa hata jina lake limekufa, ulipita Mwamgongo na kuhesabu kila kitu: watoto, nyavu, kuku, vyoo. Watu waliacha kazi zao wakajibu. Wale wageni wakaondoka na boti, na hadi leo hakuna aliyerudi kuwaambia walichokiona. Shangazi yangu Hadija, dada wa marehemu baba yangu, ameolewa Mwamgongo na ndiye mwenyekiti wa kikundi cha wanawake waanika dagaa. Baada ya hapo aliapa kwamba mtu mwenye karatasi na kalamu akija tena ataulizwa yeye kwanza. Nilipokwenda kumwomba akubali utafiti wetu, alikataa siku nzima. Mwishowe akakubali kwa sharti moja, kwamba nimpe neno langu, mimi Hasna, si taasisi, kwamba majibu yatarudi pale pale yalipochukuliwa. Nikampa. Naye akaenda kwa wanawake wenzake arobaini, akawaambia mwanangu amesema.

"Kwa hiyo ukikata hapo," nilimwambia Leonardi, "hukati milioni mbili. Unamkata shangazi yangu mbele ya wenzake, na mimi sitakanyaga tena Mwamgongo, hata kwa msiba."

"Hasna, tunatafuta karibu milioni tisa. Ukiniambia nisiguse hapa, niambie niguse wapi."

Hilo lilikuwa swali la haki, na ndilo lililonichoma.

Tukaanza kupapasa. Kwanza wadadisi. Tulikuwa na kumi, na wasimamizi wawili, kwa siku kumi na tano za uwandani. Leonardi akasema tupunguze idadi ya kaya kutoka mia nne na ishirini hadi mia tatu. Bonaventura akakataa bila kupandisha sauti, jambo linaloudhi zaidi.

"Nikiwa na mia tatu, nikisema hasara ni asilimia ishirini, inaweza kuwa kumi na tano au ishirini na tano. Utakwenda kumwambia waziri nini? Kwamba tunadhani?"

Leonardi akahamia kwenye mafunzo. Siku tatu za kuwafundisha wadadisi, ikiwemo siku ya majaribio, tuzifanye moja. Safari hii akakataa Armelle. Madodoso yalikuwa kwa Kiswahili, lakini vijijini nusu ya majibu yangekuja kwa Kiha, na kwa wachuuzi wa soko la kambini yangekuja kwa Kirundi. Kama wadadisi hawajakubaliana neno moja la dagaa waliooza na neno jingine la dagaa waliovunjika, kila mmoja ataandika lake.

"Utaokoa laki sita," akasema Armelle, "halafu kaka Bonaventura atakesha mwezi mzima akisafisha takataka. Na siku zake ni ghali kuliko zetu."

"Laki mbili kwa siku," nikasema mimi, maana bei za watu nazijua zote.

"Ni bei ya kawaida," akasema Bonaventura, akakunja mkono wa shati kwa mara ya kwanza tangu nimjue.

Vifaa navyo: tableti kumi na mbili, mizani, vipima unyevu. Vibali vya utafiti, na kile cha kuingia kambini, havina punguzo. Gharama za uendeshaji wa ofisi ni asilimia kumi ya zote, hazikatwi peke yake. Ukipunguza za juu, nazo zinashuka zenyewe. Hadi adhuhuri tulikuwa tumegombana juu ya kila mstari na hatujapata hata shilingi. Chini, mafundi walikuwa wamezima cherehani zao ili wasikie vizuri.

Kesho yake shangazi akapiga simu. Shikamoo yangu aliipokea kwa haraka, kama mtu mwenye sufuria jikoni.

"Nasikia mmeambiwa mkate," akasema.

Sijui habari zinavukaje ziwa. Nadhani ni wale mafundi.

"Tunapunguza kidogo shangazi. Mambo ya kawaida."

"Mimi sijui mambo yenu. Mimi najua Rozalia na wenzake wameniuliza jana, hivi Hadija, una hakika? Nikawaambia nina hakika, nimemdhamini mtoto wa kaka yangu. Sasa Hasna, ahadi ni deni, na hili umeniachia mimi nilipe."

Akakata. Nilikaa na simu mkononi, na niseme ukweli, nilikuwa na hofu. Shangazi huyo ndiye aliyenibeba mgongoni siku tuliyomzika mama. Si mtu wa kumwaibisha.

Alhamisi nikaenda Kibirizi kutafuta proforma za boti. Kanuni za mfadhili zinataka bei za watu watatu kwa kila huduma kubwa, na ya mwenye boti mmoja ilikuwa imepitwa na wakati. Boti ndiyo ilikuwa roho ya bajeti ile. Mwamgongo na vijiji vingine vitatu vya kaskazini havifikiki kwa gari, hata uwe na gari la namna gani. Boti mbili, siku kumi na tano, shilingi laki mbili na nusu kila siku pamoja na mafuta na nahodha. Milioni saba na nusu, zinaelea juu ya maji.

Khamisi, mwenye boti, nilimkuta mwaloni, pale boti zinapotia nanga, amekaa juu ya tangi la mafuta anakunywa kahawa. Ni mtu mwenye majivuno, na ana haki nayo, maana boti zake haziingizi maji. Nikampa fomu ya proforma.

"Unataka bei ya giza au ya mwezi?" akauliza.

"Bei ni bei."

"Kwako wewe ofisini. Siku za giza boti zangu zinabeba dagaa na wavuvi usiku kucha, ukitaka moja lazima unilipe na hasara yangu. Laki mbili na nusu. Mbalamwezi ikitoka hakuna anayevua, taa ya kuwavuta dagaa haina kazi, hawaji. Boti zimelala hapa zinaota jua. Nipe laki moja na sitini, nitakushukuru."

Nilimtazama. Halafu nikatazama ziwa. Halafu nikacheka, nikacheka hadi Khamisi akauliza kama ana kitu usoni.

Nilikuwa sicheki bei. Nilikuwa nacheka zile siku kumi na tano. Kazi yenyewe ilikuwa ya siku tisa: wadadisi kumi, kaya tano kila mmoja kwa siku, kaya mia nne na ishirini zimekwisha. Siku sita zilizobaki Bonaventura aliziongeza kwa ajili ya ziara za marudio, kwa sababu ripoti ya ule mradi wa zamani ilisema kwamba theluthi ya wanaume hawakupatikana nyumbani mara ya kwanza. Tuliisoma sentensi ile wote. Tuliijadili. Bonaventura aliitafutia fomula. Na sisi tulikuwa tumepanga kwenda kuanzia wiki ya nne ya Novemba, katikati ya giza tupu, wakati mwanamume wa Mwamgongo yuko ziwani usiku, na mchana amelala kama gogo, na mkewe yuko ufukweni anageuza dagaa na hana dakika ya kumpa mtu mwenye tableti.

Nani hajui hayo? Baba yangu alivua miaka thelathini. Siku za mbalamwezi ndizo tulizokuwa tunamwona baba mchana. Anashona nyavu, anatukagua kucha. Harusi zinafungwa siku hizo, kesi zinaamuliwa siku hizo, na mahari hujadiliwa siku hizo kwa sababu ndipo wajomba wanapopatikana. Ofisi nzima imezaliwa mkoa huu isipokuwa Bonaventura. Lakini tukishapanda ngazi zile na kufungua jedwali lenye Januari mpaka Desemba, mwezi wa angani tunauacha chini kwa mafundi cherehani. Ukutani kwetu, juu ya mashine ya kuchapa, ilitundikwa kalenda ya msikiti yenye tarehe za Kiislamu na za Kizungu ubavu kwa ubavu. Tulikuwa tunaitumia kujua sikukuu.

Nilipanda ngazi mbili mbili. Nikaishusha kalenda ukutani, nikaitandika mezani mbele ya Leonardi, juu ya karatasi zake zote.

"Tarehe tisa hadi kumi na nane za mwezi wa Kiislamu, Mfunguo Tano," nikasema. "Siku kumi za mwanga. Wanaume wako nyumbani, wanawake hawaaniki, boti ni laki moja na sitini. Bonaventura, ukiwakuta watu wote nyumbani, unahitaji siku ngapi za marudio?"

Bonaventura aliinamia kalenda. Kisha akauliza polepole, "Kwani usiku wenye mwezi hawavui?"

Armelle akaanza kucheka. Leonardi akafunika uso kwa mikono miwili. Mtoto wa Kalinzi, lakini mama yake mzazi huteremka kununua dagaa, na kila mke wa milimani anajua siku ambazo dagaa ni wa kutafuta kwa tochi.

"Moja," akasema Bonaventura hatimaye. "Siku moja inatosha. Kumi kwa jumla."

Kalamu zikaanza kukimbia. Siku tano za wadadisi na wasimamizi zikaondoka: milioni tatu na laki mbili. Boti zikashuka kutoka milioni saba na nusu hadi tatu na laki mbili. Kwa kufumba na kufumbua tulikuwa na milioni saba na nusu mkononi, na Leonardi akaanza kutabasamu. Mimi nilikuwa tayari nimeinua mikono juu.

"Ngojeni," akasema Armelle. "Dagaa."

"Dagaa wamefanyaje?" nikauliza.

"Siku za mwezi hakuna dagaa. Mizani mtapima nini? Vipima unyevu mtaviweka kwenye nini, kwenye mchanga?"

Tukarudi chini puu. Alikuwa sahihi. Maswali yanataka mbalamwezi, mizani inataka giza. Tulikuwa tunaruka majivu tunakanyaga moto. Leonardi akatazama tena mstari wangu, nikamwona, naye akaniona nikimwona.

"Si lazima twende wote," Armelle akaendelea. "Nipeni mdadisi mmoja na mizani. Giza likirudi, siku nne, tunapanda boti ya abiria kama watu wengine, tunalala kwa shangazi yake Hasna. Tunapima ndoo wakati wa kuanika na wakati wa kuanua. Posho za watu wawili, nauli, basi."

Nikapiga hesabu: laki tano, na nauli imo. Bonaventura akauliza ndoo ngapi kwa siku, Armelle akamwambia, akaandika kitu, akatikisa kichwa kukubali. Akasema hata ni bora zaidi, maana kupima hakutafanywa siku moja na kuuliza, na mtu aliyesema hasara ni ndoo moja hatajilazimisha kuionyesha moja.

Zikabaki milioni saba kamili. Zilihitajika karibu nane, maana asilimia kumi ya ofisi ingejazia zilizobaki. Leonardi mwenyewe akasema tableti ziwe kumi, wasimamizi watumie simu zao, programu ni ile ile. Hiyo ikawa milioni moja. Asilimia kumi ya uendeshaji ikashuka yenyewe. Nikajumlisha mara mbili, nikampa Bonaventura ajumlishe, naye akatumia muda mrefu kuliko ulivyostahili.

"Milioni hamsini na tisa, laki tisa na hamsini elfu," akasema.

"Na mstari wa vijijini?" nikauliza.

"Haujaguswa," akasema Leonardi, akaweka kofia kwenye kalamu nyekundu.

Siku ya pili asubuhi tulituma. Kwenye maelezo ya bajeti Leonardi aliandika kwa Kiingereza chake safi kwamba ratiba ya uwandani imepangwa kwa kufuata mwezi mwandamo, na sababu zake. Alisita sana kabla ya kubonyeza. Alisema Wazungu watatucheka. Jibu lilikuja baada ya wiki moja: wamekubali, fedha zitatumwa kwa awamu mbili, na wanaomba tuambatishe hiyo kalenda kwenye faili la mradi. Nikapiga picha kalenda ya msikiti, na tangazo la duka la mabati lililo chini yake, nikawatumia.

Kazi ikaenda kama ilivyopangwa, karibu. Mvua ilitufukuza siku moja, tableti moja ikaanguka ziwani na mdadisi aliyeishika, mdadisi akatoka. Leonardi alivaa majaketi yake mawili kila siku na hakuna aliyemcheka mbele yake. Wanaume tuliwakuta wamekaa vizingitini na nyavu mapajani, hawana haraka, wanajibu hata yasiyoulizwa. Giza liliporudi, Armelle alikwenda na mizani, akarudi ananuka dagaa hadi kwenye nywele, na namba zake zilikuwa safi.

Februari, mwezi ukiwa umekomaa tena, tukarudi Mwamgongo na matokeo. Mabango yenye michoro, wali, soda, na chumba cha darasa kilichojaa hadi madirishani. Shangazi Hadija alikaa mbele na wenzake arobaini nyuma yake, kanga mpya begani, uso haujafunguka. Alikuwa bado hajaamini.

Bonaventura ndiye aliyesoma. Alikuwa amefanya mazoezi ya Kiswahili cha kueleweka. Katika kila ndoo kumi zinazoanikwa juu ya mchanga msimu wa mvua, karibu tatu haziuziki kwa bei ya mtu. Zinakwenda kuwa chakula cha kuku. Waliojenga vichanja vya kuanikia wanapoteza moja. Kukawa na kelele. Rozalia akasema si tatu, ni nne, na anayesema mbili ana aibu. Mwingine akauliza gharama ya kichanja, wakaanza kukokotoa wao kwa wao, sisi tukabaki tunawasikiliza kama wageni harusini. Nilimwona shangazi anageuka kuwatazama wenzake, na mabega yake yakashuka. Nilifurahi hadi nikataka kulia.

Halafu akasimama.

"Tumesikia," akasema. "Nina swali. Haya yote yamewagharimu kiasi gani?"

Leonardi akakohoa. Hilo swali halimo katika mafunzo ya warsha. Lakini jedwali lilikuwa mkobani mwangu, na mtu mwenyewe ni shangazi yangu, kwa hiyo nililitoa nikalisoma, mstari kwa mstari, kwa shilingi. Posho za wadadisi, wakaguna. Boti, wakakubali, bei ya Khamisi wanaijua. Tableti, wakauliza ile iliyozama ililipwa na nani. Nilipofika uchambuzi wa takwimu, milioni nne, bibi mmoja akamtazama Bonaventura mikono yake, upande huu na upande ule. Yeye akaeleza kwamba majibu huja na mawe ndani, kama mchele, na lazima akae ayachague moja moja. Wakamsamehe.

"Na sisi tuliojibu," shangazi akauliza, "mstari wetu uko wapi?"

Majibu hayanunuliwi, hiyo ni kanuni, na ni kanuni nzuri. Jibu lililonunuliwa linamfuata mnunuzi. Lakini sikutaka kumpa kanuni. Nikashuka na kidole hadi karibu na mwisho wa ukurasa.

"Huu hapa, shangazi. Kurudisha matokeo vijijini. Ndio wa leo."

Akavaa miwani, akaichukua karatasi, akaisoma mwenyewe. Ndipo Leonardi akainuka, bila kuulizwa na mtu yeyote.

"Mama," akasema, "mimi nilitaka kuufuta mstari huo. Tulipoambiwa tupunguze, ndio niliouona wa kwanza, kwa sababu uko chini kabisa."

Nilidhani atamla. Shangazi alimtazama juu ya miwani, kisha akampa ile karatasi.

"Basi mwakani," akamwambia, "muanze kuandika kutoka hapo, mpande juu."

Wanawake arobaini wakapiga makofi. Leonardi akatoa kalamu, akageuza karatasi, akaandika aliyoambiwa, na shangazi akamngojea hadi alipomaliza ndipo akatangaza kwamba wali unapoa.